Geji na Unene wa Bati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaoagiza Bati la Mabirika na Tranka

Maswali haya ni yale ninayoulizwa karakana karibu kila wiki, na wafugaji wanaotaka mabirika ya kunyweshea, wazazi wanaotaka tranka za watoto wa bweni, na mafundi vijana wanaotumwa dukani kwa mara ya kwanza. Majibu ni ya bati bapa la chuma, lenye zinki au lisilo na zinki. Bati la migongo la kuezekea nimeligusa mahali pamoja tu, kwa sababu watu hujaribu kutengenezea vyombo na kujuta.

Geji ni nini hasa, na mbona namba ikiwa kubwa bati linakuwa jembamba?

Geji ni namba ya mpangilio, kama namba ya kiatu. Yenyewe si milimita wala si inchi. Ilianza kwa mafundi wa waya. Waya ulivutwa kupitia tundu la chuma, ukatoka mwembamba kidogo, ukavutwa tena kupitia tundu dogo zaidi, na kadhalika. Waya uliovutwa mara nyingi ukapewa namba kubwa, na ndio uliokuwa mwembamba. Bati likarithi hesabu hiyo ya waya, ndiyo maana geji 16 ni nene na geji 28 ni jembamba.

Namba hizo pia hazishuki kwa hatua zilizo sawa. Ukitoka geji 16 kwenda 18 unapoteza karibu milimita 0.4. Ukitoka 26 kwenda 28 unapoteza chini ya milimita 0.1. Kwa hiyo mtu akikwambia "tumepunguza geji mbili tu", muulize ametoka namba ipi, kwa sababu geji mbili kwenye bati nene ni kitu kikubwa sana.

Kwa hiyo geji 24 ni milimita ngapi?

Inategemea geji ya nani. Waingereza waliifanya SWG kuwa geji rasmi ya nchi yao mwaka 1884, na vitabu vingi vya ufundi vilivyotufikia huku vinaifuata. Kwa SWG, geji 24 ni milimita 0.56. Lakini hao hao Waingereza wana geji nyingine ya bati na mikanda ya chuma, BG, na humo namba 24 ni milimita 0.63. Wamarekani wana yao, na kwao bati jeusi la geji 24 ni milimita 0.61, ilhali bati la zinki la geji hiyo hiyo ni 0.70.

Namba moja, unene wa aina nne, na kati ya jembamba na nene kuna tofauti ya robo nzima. Muuzaji anayekupa 0.56 na anayekupa 0.70 wote wanaweza kukuonyesha jedwali linalowatetea. Ndiyo sababu sipokei tena oda iliyoandikwa geji peke yake. Nauliza milimita.

Je, kuna jedwali la kuanzia?

Hili ni la SWG, pamoja na uzito wa shiti moja ya futi 8 kwa 4. Liweke kwenye simu, utalihitaji kwenye swali la mzani.

| Geji (SWG) | Unene, mm | Uzito wa 8 × 4, kg |
|---|---|---|
| 16 | 1.63 | 38.0 |
| 18 | 1.22 | 28.5 |
| 20 | 0.91 | 21.4 |
| 22 | 0.71 | 16.6 |
| 24 | 0.56 | 13.1 |
| 26 | 0.46 | 10.7 |
| 28 | 0.38 | 8.8 |

Dukani utakuta namba zimesawazishwa. Bati la 1.5 linaitwa geji 16, na la 1.2 linaitwa geji 18. Hilo halina ubaya mradi wote wawili mnajua mnazungumzia 1.5 na 1.2.

Kupungukiwa milimita 0.2 kuna madhara gani? Si unene wa karatasi mbili tu?

Hapa naomba nieleze kwa kirefu, maana nimelipia somo hili kwa pesa yangu.

Kikundi cha wafugaji kiliniagiza mabirika sita ya ng'ombe. Mpango wa kila birika ulikuwa kutumia shiti moja ya 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220, bila kukata kitu. Upana wa 1220 unagawanyika hivi: kitako 500, ubavu 300 kila upande, na 60 zinazobaki kila upande zinakunjwa kuwa ukingo. Kwa urefu, kitako 1800, vichwa viwili vya 300, na 20 kila mwisho za kukunja makali. Kona zinakunjwa kama bahasha ya karatasi, kwa hiyo hakuna mshono chini ya maji. Birika la namna hiyo linachukua lita 270 likijaa hadi ukingoni.

Niliandika kwenye oda "shiti saba geji 18", ya saba ikiwa ya akiba. Nilikusudia milimita 1.2. Shiti zilikuja, zikakunjika vizuri, tena kwa wepesi ulionifurahisha. Wepesi huo ulipaswa kunishtua.

Tulipojaza birika la kwanza, lita 200 za mwanzo hazikuonyesha kitu. Maji yalipokaribia ukingo, nikaona ubavu mrefu umeanza kutoka nje katikati, kama tumbo. Nikafunga uzi kutoka kona hadi kona, nikapima: katikati ukingo ulikuwa umeuacha uzi kwa upana wa vidole viwili. Tulipotoa maji, ukarudi nusu tu.

Nilirudi karakana nikaipima ile shiti ya saba kwenye mzani: kilo 23 na nusu. Shiti ya 1.2 ingekuwa kilo 28. Nilikuwa nimeuziwa 1.0. Nilipokwenda dukani, muuzaji alinijibu bila hata kupandisha sauti: "Fundi, kwetu hii ndiyo geji 18." Risiti ilisema geji 18. Sikuwa na pa kushika.

Sasa sababu yenyewe. Maji yakijaa katika birika la vipimo hivyo yanausukuma kila ubavu mrefu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 80 hivi. Ubavu umeshikwa chini na kunjo la kitako, na mwishoni umeshikwa na vichwa. Katikati, juu, haushikwi na kitu ila ukakamavu wake mwenyewe na ukingo uliokunjwa. Na ukakamavu wa bati haupungui sambamba na unene. Unakwenda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Chukua 1.2 mara 1.2 mara 1.2, unapata 1.73. Chukua 1.0 mara 1.0 mara 1.0, unapata 1. Kwa hiyo nilipungukiwa chuma kwa sehemu moja ya sita tu, lakini bati likapoteza zaidi ya sehemu mbili za tano za uwezo wake wa kukataa kupinda.

Dawa ilikuwa flatibaa mbili zinazokatiza kila birika juu, kutoka ukingo hadi ukingo, zimechomelewa. Mabirika yale yanafanya kazi. Flatibaa kumi na mbili na safari mbili zilitoka mfukoni mwangu.

Ninawezaje kujua unene kama sina maikromita?

Tumia mzani. Ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote kwa shiti nzima, kwa sababu inapima bati lote, si ncha moja. Chuma cha unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba. Shiti ya 8 kwa 4 ina karibu mita 2.98 za mraba, hivyo kila milimita ya unene ni kilo 23.4. Gawa uzito kwa 23.4, umepata milimita:

```
unene (mm) = uzito (kg) / (urefu (m) x upana (m) x 7.85)
```

Kilo 21 ukigawa kwa 23.4 unapata 0.9. Mzani wa kupimia magunia unatosha. Shiti zikiwa nyembamba, pima kumi kwa pamoja kisha gawa kwa kumi, maana mzani wa magunia haukuambii kweli kwenye kilo 9.

Lakini kwanza pima urefu na upana kwa futi yako. Shiti nyingine huja mita 2 kwa 1, na hiyo kila milimita ni kilo 15.7. Ukigawa kwa 23.4 utamtukana muuzaji asiye na kosa.

Nina kalipa. Nipime wapi?

Ingia ndani kidogo kutoka ukingoni. Bati likikatwa kwa mashine, makali yake hubaki na vijino upande mmoja. Pitisha kidole polepole utavisikia. Kalipa ikibana juu ya vijino, bati la 0.9 litakusomea 1.0 au zaidi, nawe utaondoka umeridhika bure. Sugua ukingo kwa tupa kwanza, pima mahali patatu, uchukue wastani. Bati lililopakwa rangi linahitaji kukwanguliwa kidogo, kwani rangi nayo ina unene.

Kuna pia kile kisahani cha chuma chenye mapengo pembeni, kila pengo na namba yake. Watu wengi huingiza bati hadi kwenye tundu la duara lililo mwisho wa pengo. Tundu hilo halipimi kitu, ni nafasi tu. Kinachopima ni ule mlango mwembamba wenye kuta sambamba. Bati likipita humo bila kulazimishwa na bila kuchezacheza, hiyo ndiyo namba. Soma pia herufi zilizochongwa katikati ya kisahani, kama ni SWG au nyingine, maana kisahani cha Kimarekani kitakupa namba tofauti kwa bati lile lile.

Unene unaotajwa unahesabu na zinki?

Kwa kawaida, ndiyo. Viwanda hutaja unene wa jumla, chuma pamoja na zinki yake. Kwa bati la 1.2 hilo halikusumbui. Tabaka zito linaloandikwa Z275 ni gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa jumla, na hiyo ni kama mikroni 20 kila upande. Jumla 0.04 kati ya 1.2. Lakini kwenye bati la 0.4, hiyo 0.04 ni sehemu ya kumi nzima ambayo si chuma.

Swali la zinki na swali la unene ni mambo mawili, na kuongeza moja hakufidii lingine. Birika la 1.5 lenye zinki hafifu litaanza kutu kwenye mstari wa maji mapema kuliko la 1.2 lenye Z275. Kwenye oda taja yote mawili. Na kama ni hori la kulishia sailaji au molasi, jua kwamba asidi yake inakula zinki, hivyo unahitaji rangi ya kufaa juu yake au utumie kitu kingine badala ya bati.

Naweza kutumia bati bapa la kiwanda cha mabati ya kuezekea? Ni la bei nafuu.

Kwa tranka na kwa birika, sishauri. Bati la kuezekea mara nyingi hutengenezwa kwa chuma kigumu makusudi, ili liwe jembamba na bado lisibonyee mtu akikanyaga. Kwenye karatasi za kiwanda utaona alama kama G550. Chuma hicho hakipendi kukunjwa hadi kilale. Ukikunja mshono wa tranka kwa bati hilo, mgongo wa kunjo unapasuka, wakati mwingine usionekane hadi maji au kutu vipite. Bati la kukunja huandikwa alama kama DX51D.

Jaribio lake ni rahisi. Kunja kona moja ya kipande hadi ilale kabisa, igonge kwa nyundo, kisha iangalie mgongoni kwenye mwanga. Bati laini linabaki zima, zinki inaweza kuonyesha mistari myembamba tu. Bati gumu kwanza linarukaruka kama springi, halafu linapasuka au linakatika ukilifungua.

Nichague unene gani kwa kazi yangu?

Haya ni maoni yangu kutokana na vyombo vilivyorudi kurekebishwa na visivyorudi.

Birika la ng'ombe: milimita 1.5 kama halina fremu, au 1.2 ukiwa na ukingo uliokunjwa na angalau kiungo kimoja kinachokatiza katikati. Ng'ombe hanywi tu, anasukuma, anajikuna, na siku nyingine anaingiza mguu. Birika la mbuzi na kondoo, ambalo ni fupi na halina kina, linakwenda vizuri na 0.9. Chombo cha kuku, 0.5 inatosha.

Tranka ni habari nyingine. Haibebi maji, na mtoto lazima aweze kuiinua. Mwili wa 0.5 au 0.55 ndio ninaoupenda. Geji 28 inauzwa sana kwa sababu ni nyepesi na rahisi, lakini nimeona inavyokufa. Haianzi kwenye bati lenyewe, inaanzia kwenye komeo. Ribiti mbili zinashika komeo kwenye bati la 0.38, mtoto anafungua na kufunga kila siku, matundu ya ribiti yanatanuka, na siku moja mtu anavuta kufuli nalo linatoka na ribiti zake zote. Kama bajeti inakulazimisha kutumia bati jembamba, mwambie fundi aweke kipande cha bati nene kwa ndani nyuma ya komeo na nyuma ya kila bawaba, ribiti zipite humo. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinaokoa tranka nzima. Kifuniko nacho kipigwe mfuo mmoja au miwili, maana bwenini kifuniko cha tranka ni kiti.

Fundi akibadilisha unene katikati ya kazi, vipimo vya kukata vinabadilika?

Kwa birika, kidogo sana, usihangaike. Kwa tranka, ndiyo, hasa kifuniko kinachofunika mwili kwa nje. Upana wa ndani wa kifuniko unatakiwa uwe upana wa nje wa mwili pamoja na nafasi ya kupumua. Mwili wenye makali yaliyokunjwa una unene mara mbili pale juu, kila upande. Ukihama kutoka 0.4 kwenda 0.55 huku unatumia kiolezo kile kile, mdomo wa tranka unaongezeka zaidi ya nusu milimita, na kifuniko kilichokuwa kinateleza kinaanza kukwangua rangi. Kata tranka moja ya majaribio kabla ya kukata ishirini.

Linaweza kuchomelewa?

Kwa mashine ya kawaida ya vijiti, chini ya milimita 1 utatoboa zaidi ya unavyounga, isipokuwa mkono wako ni mzoefu sana. Bati jembamba liunge kwa kukunja mshono, ribiti, au risasi pale panapohitaji kuzuia maji. Na bati la zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi jioni ile ile. Ondoa zinki kwa tupa mahali pa kuunga, na fanya kazi nje penye upepo.

Niandike nini kwenye oda ili nisipunjwe?

Andika milimita kwanza, geji baadaye kama unataka, kisha uzito. Sasa oda yangu ya mabirika inasomeka hivi:

"Bati bapa la zinki, laini la kukunja, unene mm 1.2 pamoja na zinki, zinki Z275, ukubwa mm 2440 × 1220, shiti 7. Uzito wa kila shiti usipungue kilo 27. Zitapimwa wakati wa kupokea."

Ile sentensi ya kilo ndiyo yenye meno. Nimeweka 27 na si 28 kwa sababu kiwanda kina ruhusa yake ya kupungua kidogo, na mzani nao haukosi kasoro. Lakini ruhusa ya kiwanda kwa bati la 1.2 ni chini ya sehemu ya kumi ya milimita, haifiki 0.2, kwa hiyo bati la 1.0 haliwezi kupita hapo kwa kisingizio hicho. Hakikisha maneno hayo hayo yanaandikwa kwenye risiti, siyo "geji 18" tupu.

Muuzaji akikataa kuandika milimita?

Mwombe apime shiti moja mbele yako kabla hujalipa. Karibu maduka yote yanayouza chuma kwa wingi yana mzani. Nikiwa kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, nimeshafanya hivyo mara nyingi, na wauzaji wengi hawaoni shida. Wengine hukuambia wenyewe, "Hii inatoka 1.0, ya 1.2 iko nyuma, ina bei yake." Anayekataa mzani na kukataa milimita, mimi huvuka barabara nikaulize duka la pili.

Na kama nimeshanunua na nimegundua ni jembamba?

Usikate hata moja. Shiti nzima inaweza kubadilishwa kwa kuongeza tofauti ya bei, lakini iliyopigwa mstari wa mkasi ni yako. Kama umeshakata, punguza mzigo wa chombo: shusha kina cha birika kutoka milimita 300 hadi 200. Msukumo wa maji kwenye ubavu hushuka hadi chini ya nusu, kutoka kilo 80 hadi 36 hivi, na zile milimita 100 za bati zinazobaki kila upande zikunje ziongeze ukingo.